Waraka wa Ndani: Mpangilio wa Barua Rasmi Zinazotoka Halmashauri

JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA
OFISI YA RAIS
TAWALA ZA MIKOA NA SERIKALI ZA MITAA
HALMASHAURI YA WILAYA YA MTAKUJA

S.L.P. 62,
MTAKUJA.

Unapojibu tafadhali taja:

Kumb. Na. HW/MTK/A.40/3/118
Tarehe: 14 Julai, 2025

Wakuu wa Divisheni na Vitengo (Wote),
Halmashauri ya Wilaya,
S.L.P. 62,
MTAKUJA.

YAH: KUREKEBISHA MPANGILIO WA BARUA RASMI KABLA YA KUPELEKWA MASJALA

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

2. Mwezi Juni, 2025 masjala ililazimika kurudisha barua nyingi kwa waandishi, nyingine mara mbili. Makosa ni yale yale: namba ya kumbukumbu isiyo ya jalada husika, kichwa kisichosema barua inahusu nini, na saini ya mtu asiyekaimishwa. Kuanzia Jumatatu, tarehe 21 Julai, 2025, barua yenye makosa yaliyoelezwa hapa haitapokelewa kwa ajili ya kutumwa.

3. Kumbukumbu namba ndiyo inayotusumbua zaidi. Itazameni ya barua hii: HW/MTK ni Halmashauri, A.40/3 ni jalada, na 118 ni folio, yaani nafasi ya barua hii ndani ya jalada hilo. Folio hutolewa na masjala, mwandishi haitungi. Anayenakili namba ya barua yake ya mwezi uliopita kwa kuwa "jalada ni lile lile" anazalisha barua mbili zenye namba moja, na jibu likirudi hakuna anayejua ni la ipi. Leteni rasimu iliyopitishwa pamoja na jalada lake, ipewe folio, ndipo nakala ya mwisho ichapwe na kusainiwa. Tarehe iwe ya siku barua iliposainiwa. Mpokeaji aliyepewa siku 14 za kujibu huhesabu kuanzia hapo, na rasimu iliyokaa mezani wiki nzima ikibaki na tarehe yake ya zamani inakuwa imemla nusu ya muda wake.

4. Unapojibu barua ya ofisi nyingine, namba yao isiwekwe mahali pa namba yetu. Inatajwa katika aya ya kwanza pamoja na tarehe, kwa mfano: "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. EA/12/7/45 ya tarehe 2 Juni, 2025 kuhusu matengenezo ya gari la kituo cha afya." Namba bila tarehe haitoshi, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa, tarehe ndiyo inayomsaidia karani wa upande wa pili kuitafuta.

5. Anwani ya mpokeaji ianze na cheo, ifuate ofisi, S.L.P. na mji kwa herufi kubwa. Barua ya ofisi huandikiwa cheo, si jina. Bahasha yenye jina la ofisa aliyehamishwa hubaki haijafunguliwa ikisubiri mwenyewe, huku mrithi wake amekaa kiti kile kile. Barua ya mtumishi kwenda ngazi ya juu iwe na maneno "Kupitia kwa" na cheo cha mkuu wake chini ya anwani, naye aweke maoni na saini kabla haijatoka. Neno "Ndugu" litumike mnapomwandikia mwananchi. Kati ya ofisi na ofisi tunaanza moja kwa moja na kichwa.

6. Kichwa cha barua kiandikwe kwa herufi kubwa zilizokolezwa, kisizidi mistari miwili, na kitaje tendo pamoja na kitu chenyewe. Barua moja ya hivi karibuni ilikuwa na kichwa "YAH: OMBI LA FEDHA". Karani aliiweka kwenye jalada la bajeti, kama ambavyo yeyote angefanya. Ndani ilikuwa inaomba pampu ya maji ya zahanati itengenezwe, na fedha zilitajwa mstari mmoja tu mwishoni. Ingeandikwa "YAH: OMBI LA MATENGENEZO YA PAMPU YA MAJI YA ZAHANATI", ingefika kwa mhandisi siku hiyo hiyo. Mambo mawili yasiyohusiana yaandikiwe barua mbili. Barua yenye ombi la likizo na taarifa ya wizi haina jalada linaloitosha.

7. Katika mwili wa barua, aya ya kwanza haiwekewi namba. Namba zianze na 2 katika aya ya pili. Aya inayoomba utekelezaji itaje nani afanye nini na kabla ya tarehe ipi. "Haraka iwezekanavyo" si tarehe. Barua ikivuka ukurasa mmoja, ukurasa wa pili uwe wa karatasi isiyo na kichwa cha ofisi, wenye namba ya ukurasa na angalau mistari miwili ya maandishi juu ya saini. Saini iliyobaki peke yake kwenye karatasi inaweza kubandikwa kwenye barua yoyote.

8. Maneno ya kufungia yaendane na anayeandikiwa. "Nakutakia utekelezaji mwema" ni ya mkubwa kwa anayemwelekeza. Tukimwandikia hivyo Katibu Tawala wa Mkoa tunakuwa tumempa amri. Kwake tunafunga na "Naomba kuwasilisha". Kwa ofisi ya ngazi yetu, au tunapoomba msaada, "Nakushukuru kwa ushirikiano wako" inatosha. "Wako mtiifu" ibaki kwa mtumishi anayeandika ombi lake binafsi. Chagueni moja, kuzirundika zote hakuongezi adabu.

9. Chini ya saini liandikwe jina, kisha cheo. Asiye Mkurugenzi lakini ameruhusiwa kusaini kwa niaba yake atumie "K.n.y. MKURUGENZI MTENDAJI (W)". Anayekaimu aandike "Kaimu" iwapo tu ana barua ya kukaimishwa, na kwa tarehe zilizotajwa humo. Muhuri ugongwe pembeni ya saini, usifunike jina wala cheo. Viambatanisho vihesabiwe na idadi yake iandikwe, kwa kuwa orodha ya majina ikidondoka njiani mpokeaji hana njia nyingine ya kujua kwamba ilikuwepo. Nakala ziandikwe mwishoni kushoto kwa vyeo, na kila anayetajwa apelekewe kweli.

10. Rasimu zilizoko mikononi mwenu sasa zirekebishwe na kuwasilishwa masjala kabla ya saa 9:30 alasiri, Ijumaa, tarehe 18 Julai, 2025. Mwenye barua ya dharura asisubiri siku hiyo. Aje nayo pamoja na jalada, ataandaliwa folio papo hapo.

11. Nawatakia utekelezaji mwema.

(Imesainiwa)

Z. K. Mrisho
Mkuu wa Divisheni ya Utawala na Usimamizi wa Rasilimali Watu
K.n.y. MKURUGENZI MTENDAJI (W)

Kiambatanisho: 1 (Mfano wa barua iliyopangwa, ukurasa 1)

Nakala:
Mkurugenzi Mtendaji (W) – Aione katika jalada
Msimamizi wa Masjala – Kwa utekelezaji
Watendaji wa Kata (Wote) – Kwa taarifa