Bei za Kushona Gauni: Unaleta Nini, Unalipa Nini

Slaidi ya 1
Gauni moja la mtu mzima, kwa vipimo vyako.
Njia tatu za kulipia. Zinatofautiana kwa jambo moja tu: nani ananunua nini.
(Suti na mashati yana orodha yake. Tukiyachanganya humu utapotea.)

Slaidi ya 2
Ushonaji tu: 60,000
Unaleta kitambaa, bitana na zipu. Sisi tunakata na kushona.

Ushonaji na vikorokoro: 80,000
Unaleta kitambaa peke yake. Bitana, zipu, vifungo na uzi ni vyetu.

Kila kitu: 150,000
Unakuja na mwili wako. Kitambaa unachagua kwenye rafu yetu, hadi mita 4. Mita ya ziada ni 15,000.

Zote tatu zina kupima, kujaribisha mara moja kabla ya kumalizia, marekebisho ya siku hiyo, na kupigwa pasi. Mwili mkubwa au mdogo, ushonaji ni bei ileile.

Slaidi ya 3
Kabla hujanunua kitambaa
Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia, kwa hiyo soma polepole.

Tazama upana. Gauni refu lenye mikono huhitaji mita 3 hivi za kitambaa cha upana wa sentimita 150. Cha sentimita 115 kitataka karibu mita 4. Mistari au maboksi? Ongeza nusu mita, ili mistari ikutane ubavuni. Mahameli hukatwa kuelekea upande mmoja, nayo inakula zaidi.

Pamba ifue na kuianika kabla ya kuileta. Isipopungua kwako, itapungua ikiwa tayari ni gauni.

Hujui upana? Tutumie picha ya kitambaa kikiwa kimelazwa kando ya futi.

Slaidi ya 4
Kinachoongeza bei
Shanga au lesi ya kushonwa kwa mkono: 25,000
Kazi ya chini ya siku 5: 20,000
Kubadili mshono baada ya mkasi kupita: tunapatana upya, na kitambaa kipya ni juu yako.

Nje ya haya, na mita ya ziada ya kitambaa chetu, hakuna nyongeza.

Slaidi ya 5
Mfano
Mteja ana kitambaa cha maua, anataka gauni ndani ya siku 4.

Ushonaji na vikorokoro: 80,000
Haraka: 20,000
Jumla: 100,000

Analipa 50,000 siku ya kupimwa, 50,000 siku ya kuchukua.

Slaidi ya 6
Advansi ni nusu, na mkasi haushikwi kabla yake. Ukighairi kitambaa kikiwa bado kizima, inarudi yote. Kikishakatwa, hairudi.

Kazi ya kawaida ni siku 10. Tukichelewa sisi, unapunguziwa 5,000 kwa kila siku.

Ndani ya mishono ya ubavuni tunaacha sentimita 2 kila upande. Ukinenepa, rudi, kupanua mara ya kwanza ni bure.