Nne Iliyogeuka Saba

Siku ya Jumatatu alikuja dukani kwangu, katika mtaa wa Biashara hapa Mombasa, mama mmoja wa Likoni aliyekuwa akimwoza binti yake, akaagiza doti 12 za leso za rangi moja kwa ajili ya shangazi na mama wadogo wa bi harusi. Doti moja ilikuwa shilingi 700. Akatoa arubuni ya 3,000, akanitajia nambari yake ya simu, nami nikaiandika daftarini sawasawa.

Kosa lilitokea Alhamisi, mzigo ulipofika, nilipokuwa nikiibonyeza nambari hiyo kwa kidole gumba huku mkono wa pili umeshika mkasi. Tarakimu ya mwisho ilikuwa 4, nami nikagusa 7, iliyo chini yake tu. Nikaandika: "Doti zako 12 ziko tayari. Baki ni 5,400. Njoo kesho kabla ya saa kumi." Sikutaja jina la mtu wala la duka.

Ujumbe ulimfikia bwana mmoja wa Kisauni, na simu yake wakati huo ilikuwa mkononi mwa mkewe. Doti 12 za leso ambazo mke hana habari nazo si jambo dogo katika mji huu. Baada ya nusu saa nikapigiwa, sauti ya kiume ikifoka: "Mimi sikuagiza leso, sizitaki, na usinitafute tena!" Nikadhani ndiye mume wa yule mama, na kwamba labda harusi imevunjika. Hapo najilaumu kuliko kwenye kile kidole, kwa kuwa daftari lilikuwa mbele yangu na sikulifungua. Jioni ile ile nikamuuzia mteja mwingine doti zote.

Ijumaa saa tisa mama wa Likoni, ambaye kimya changu kilikuwa kimemtia wasiwasi, alivuka feri pamoja na kijana wa kubeba mzigo, zile 5,400 zikiwa zimefungwa kwenye pindo la leso yake. Nilipomweleza, alikaa juu ya kigoda, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, Jumapili watavaa nini?" Nilizunguka maduka ya jirani hadi magharibi, nikapata doti saba za rangi ile na tano nyekundu. Hizo tano sikumtoza.

Jumamosi yule mke wa Kisauni alinipigia, akauliza duka liko wapi, akaja na mumewe. Nililifungua daftari, nikaiweka na simu kando yake. Akapitisha kidole chini ya kila tarakimu, mara mbili, kisha akamgeukia mumewe aliyesimama mlangoni: "Ingia ndani, jua kali."

Akachagua doti mbili. Nilipotaka kumpa bila malipo, mumewe akatoa 1,400, akaniomba kitu kimoja tu: nisimtumie ujumbe wa kumshukuru.