Ujumbe kwa Sista: kisigino cha baba

Sista, shikamoo. Naomba uusome ujumbe huu ukipata nafasi leo, hata kama uko na wagonjwa wengine. Siku yako ya kuja kwetu ni Alhamisi lakini naona hili halifai kungoja mpaka hapo. Kisigino cha kushoto cha baba kimebadilika rangi na hakirudi kawaida. Nimekutumia picha nne, na hapa nakueleza yale ambayo picha haionyeshi.

Nimekiona asubuhi wakati wa kumwogesha. Ni upande wa nyuma wa kisigino, umeegemea kidogo upande wa nje, pale panapogusa godoro akilala chali. Ngozi haijachubuka wala kupasuka, hakuna lengelenge, hakuna maji yanayotoka, na hakuna harufu. Wekundu wenyewe, kwa rangi ya ngozi ya baba, si ule wa kung'aa. Kwa mbali ungedhani ni uchafu haujatoka vizuri. Ukisogea karibu unaona pembeni ni wekundu uliokoza, na katikati pana sehemu ndogo inayoelekea zambarau. Hiyo ya katikati ndiyo inayonitia hofu zaidi, Sista.

Nilifanya kile ulichotufundisha kwenye mgongo: nikabonyeza kwa kidole, nikahesabu hadi tatu, nikaachia. Pembeni rangi ilififia kidogo sana ikarudi. Katikati haikufifia kabisa. Nikasema labda ni kwa sababu mguu ulikuwa umelala hapo usiku, nikauinua usiguse kitu, nikaangalia tena baada ya nusu saa na tena baada ya saa nzima. Hakuna kilichobadilika. Kwa ukubwa, nimepima kwa rula: sentimita 3 kwa 2.5, na ile ya zambarau haifiki sentimita 1.

Nikigusa kwa mgongo wa mkono, kisigino hicho kina joto kuliko cha kulia. Na katikati panabonyea kama sifongo iliyolowa, wakati kile kingine ni kigumu kama kawaida. Baba hasikii maumivu hapo, lakini hilo halinitulizi, maana tangu kiharusi upande wa kushoto hasikii vizuri. Nilipobonyeza kisigino cha kulia alivuta mguu na kunikemea. Cha kushoto alikuwa anaendelea kunisimulia habari zake tu.

Kuhusu picha. Ya kwanza ni kisigino chote, nimepiga karibu na dirisha bila mwanga wa simu kwa sababu mwanga ule ulikuwa unakifanya king'ae na rangi inapotea. Ya pili ni pamoja na rula. Ya tatu ni visigino vyote viwili sambamba, na hiyo ndiyo ningependa uiangalie kwanza, kwa sababu tofauti inaonekana hapo kuliko kwenye picha nyingine yoyote. Ya nne ni jinsi baba anavyolala akimaliza kula. Sikuonyesha uso wake, na amekubali mwenyewe nikutumie.

Ile ya nne ina sababu yake. Baba bado anapaliwa akila, kwa hiyo tunamwinua mgongo kama tulivyoelekezwa na tunamwacha hivyo kwa muda baada ya chakula. Tatizo ni kwamba taratibu anateleza kuelekea miguuni. Ule mguu wa kushoto ukikaza msuli, kisigino kinajichimbia kwenye godoro na kusugua shuka. Usiku tunampokezana mimi na kaka kumgeuza kila baada ya saa mbili, na mgongo na makalio yako salama, nimekagua leo pia. Ila visigino vina mfupa karibu sana na ngozi, na nadhani godoro la upepo limetusaidia kwa mgongo huku kisigino kikibeba uzito wa mguu wote. Mguu ule umekuwa mzito, nao hausogei wenyewe.

Kwa sasa nimeweka mto kwa urefu chini ya shavu la mguu, kuanzia chini ya goti hadi juu kidogo ya kifundo, goti limekunjwa kidogo, na kisigino kinaning'inia bila kugusa kitu. Napitisha mkono chini yake na unapita wote. Nimehakikisha mto haubani ile kano ya nyuma. Soksi nimemvua. Nimemwosha kwa maji ya uvuguvugu na kumkausha kwa kugandamiza taulo taratibu. Kumvuta kwenda juu ya kitanda tunamwinua watu wawili kwa shuka la katikati, hatumburuti.

Sijapaka kitu chochote, wala sijabandika plasta. Shangazi alitaka amkande kwa mafuta ya moto ili damu itembee. Ni mapenzi yake kwa kaka yake, nami nilimwomba kwa heshima tusimkande hapo, kwa sababu najua kusugua sehemu iliyokwisha kuumia chini ya ngozi kunaiongezea madhara. Pia alileta kitambaa alichokisokota duara ili kisigino kikae katikati yake. Nimekiweka pembeni, maana kinabana pembeni na kuzuia damu. Wewe ukija naomba umweleze na yeye, neno lako analipokea kuliko langu.

Vipimo vya leo asubuhi: joto la mwili 36.8, sukari kabla ya kula 8.4. Dawa zote amekunywa. Anakula, ila nusu ya kile alichokuwa anakula mwezi uliopita, na nyama na maharage anayarudisha. Mayai anakubali. Vidole vya mguu wa kushoto vina joto kiasi na rangi yake ni ya kawaida. Mapigo ya juu ya mguu niliyapata upande wa kulia. Kushoto nilitafuta sana na sina uhakika kama niliyapata au nilikuwa nasikia ya kidole changu. Kwa mtu mwenye sukari nimeona nikuambie hilo waziwazi.

Ninachohitaji kwako, Sista: kwanza, unaweza kuja leo jioni au kesho asubuhi? Ningependa uiguse hiyo sehemu ya zambarau kwa mkono wako, uniambie kama ni wekundu wa mwanzo au ni nyama ya ndani imeshaumia. Pili, kama huwezi kufika, niambie kama nimpeleke kwa daktari kesho. Usafiri upo. Tatu, wakati wa kula nimkalisheje ili asipaliwe na pia asiteleze? Ninafikiri kumwinua kwanza sehemu ya magoti kabla ya mgongo, lakini sitaki kujaribu kabla hujasema. Na ukija, kama una pedi laini za kuzuia msuguano, naomba uje nazo.

Likitokea lengelenge, ngozi ikipasuka, rangi ikigeuka nyeusi, ikitoa usaha au harufu, au akipata homa, sitasubiri jibu, nitampeleka hospitali moja kwa moja na kukuarifu tukiwa njiani.

Nitapiga picha nyingine saa kumi jioni, mahali palepale karibu na dirisha, ili uweze kulinganisha. Simu yangu iko wazi, na nikiwa namhudumia baba kaka atapokea.