Kidato cha Nne, Fasihi: Zoezi la marudio kuhusu maudhui na mtazamo wa msimulizi (alama 12)

Soma kifungu hiki kisha ujibu maswali yanayofuata.

Dada Mwanaisha alirudi Ijumaa baada ya adhuhuri, akiburura sanduku kubwa la magurudumu ambalo gurudumu moja lilikuwa limeng'oka. Tulilikimbilia sanduku kabla hatujamkimbilia yeye. Mimi nilipata viatu vinavyowaka taa ukikanyaga, kaka Bakari akapata simu, mama mabuibui mawili na udi. Baba alipewa bahasha. Aliihesabu kwa kidole gumba bila kuzitoa noti, akasema, "Alhamdulillahi, paa litaisha."

Tangu aje, dada amekuwa mtu wa ajabu. Hali nasi mkekani. Husubiri tumalize, ndipo achukue sahani yake jikoni ale wima. Ukimwita jina tu, husimama. Kabla ya adhana ya alfajiri utamkuta keshaosha vyombo, hata vile vilivyolala safi. Mama huwaambia majirani, "Mwanangu amerudi na adabu." Nami huringa shuleni kwamba huko Saudia wamemfunza kazi hasa.

Joto la Januari hili, lakini yeye havui mikono mirefu. Siku moja alikuwa akioga uani, upepo ukalipeperusha pazia. Juu ya kiwiko chake palikuwa na alama ya pembe tatu, laini, inayong'aa, sawasawa na umbo la pasi. Nilidhani ni mapambo ya huko. Nikamuuliza kama atanichora na mimi. Alicheka, au nilidhani anacheka, kwa sababu mabega yalikuwa yakitikisika.

Jana baba alisema paa limebakisha mabati kumi na manane. Akamwangalia dada. Sote tukamwangalia dada.

(a) Bainisha maudhui mawili yanayojitokeza katika kifungu. (alama 4)

(b) "Msimulizi anaona kuliko anavyoelewa." Jadili kauli hii ukionyesha jinsi mtazamo wa msimulizi unavyojenga maudhui. (alama 8)

Jinsi tulivyolijenga jibu ubaoni

Sehemu ya (a) haikutusumbua sana. Kosa lililojirudia ni kutaja neno moja tu, "umaskini" au "ajira", kisha kuhamia swali jingine. Neno moja ni kichwa cha habari, halijawa maudhui. Sema kifungu kinasema nini juu ya jambo hilo, halafu toa maneno ya kifungu. Hivi ndivyo tulivyokubaliana:

Kwanza, mateso ya wafanyakazi wa nyumbani ughaibuni: Mwanaisha ana kovu lenye "umbo la pasi" na hula jikoni akiwa amesimama. Pili, familia kuthamini mali kuliko mtu: watoto wanalikimbilia sanduku "kabla hatujamkimbilia yeye", na baba anamshukuru Mungu kwa paa, si kwa binti kurudi salama.

Kwenye (b) ndiko alama zilikomwagika. Jibu moja lilianza hivi: "Mwandishi anafurahi kwamba dada amepata adabu." Hapana. Anayefurahi ni msimulizi, mtoto anayevaa viatu vya taa. Mwandishi amesimama nyuma yake, na alichotuwekea tukione ni kile kile ambacho mtoto amekosa kukielewa. Ukimchanganya msimulizi na mwandishi, swali lote linakufa, maana kauli uliyopewa inahusu pengo lililopo baina yao.

Jibu lingine lilikuwa na hoja nzuri lakini lilinukuu aya nzima ya pili, mistari minne, bila kuigusa. Mtahini anacho kifungu mbele yake. Mpe maneno matatu au manne, kisha umwonyeshe yanafanya kazi gani. Kwa mfano, kwenye "husubiri" na "husimama", angalieni kiambishi hu-. Ni cha mazoea. Dada hakusimama mara moja kwa bahati mbaya. Mwili wake umezoeshwa. Hapo umetumia neno moja tu na umepata alama yako.

Hoja nne zinatosha, kila moja alama mbili: moja ya hoja, moja ya ushahidi uliofafanuliwa. Utangulizi uwe sentensi moja.

Jibu la (b)

Kifungu kinasimuliwa katika nafsi ya kwanza na mtoto ambaye macho yake yanaona dalili zote za mateso ya dada yake, lakini akili yake inazitafsiri kwa jinsi familia inavyotaka.

Mosi, macho ya msimulizi yanatangulia kwenye zawadi. Anaeleza viatu "vinavyowaka taa ukikanyaga" lakini haelezi uso wa dada yake hata kidogo. Gurudumu lililong'oka analiona. Mtu aliyechoka kuliburura sanduku hamwoni. Kwa njia hii maudhui ya kuthamini mali kuliko utu yanajengwa na uteuzi wa mambo anayoyataja.

Pili, msimulizi anaziita dalili za utumwa "kazi hasa". Dada hula "wima", husimama anapoitwa, na huosha vyombo "vilivyolala safi". Kiambishi hu- kinaonyesha kuwa hofu imekuwa tabia. Msimulizi anaringia jambo ambalo msomaji analihuzunikia, na kinaya hicho kinalifichua teso bila mtu yeyote kulitaja.

Tatu, kwenye kovu, uelewa wa msimulizi unaanza kupasuka. Mwanzoni ana hakika yake: "Nilidhani ni mapambo ya huko." Lakini kuhusu kicheko anajisahihisha, "au nilidhani anacheka", na kutaja mabega yanayotikisika. Neno "nilidhani" linajirudia, na safari ya pili limebeba shaka. Msomaji anajua kuwa dada analia. Msimulizi amekaribia kujua.

Nne, mwishoni nafsi inabadilika. Baba anapotaja mabati, "akamwangalia dada", kisha "sote tukamwangalia dada". Kutoka "mimi" msimulizi ameingia kwenye "sote", na macho yake yamekuwa sehemu ya shinikizo la kumrudisha dada alikotoka. Hivyo kauli ya swali ni kweli, ila kutoelewa kwake hakumwachi bila hatia: anashiriki asichokielewa.

(Tazameni sentensi hiyo ya mwisho. Swali limesema "jadili", kwa hiyo mna ruhusa ya kuikubali kauli na kuiongezea yenu. Wengi huogopa kuibishia karatasi.)

Nyongeza ya Jumatano

Baada ya kipindi, msichana wa safu ya nyuma alinifuata hadi mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, mbona dada hasemi kitu?" Nikamwambia anasema, asome tena. Nikarudi stafurumu, nikakisoma mwenyewe kalamu mkononi. Baba anasema, mama anasema, msimulizi anasema kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hata swali la mtoto kuhusu kuchorwa halikujibiwa. Mwanaisha hana neno hata moja. Kifungu nilikitunga mimi, na sikuwa nimeliona hilo.

Kwa hiyo mwongozo wa kusahihisha umebadilika. Atakayeandika kwamba dada amenyimwa sauti, na kwamba tunamjua tu kupitia macho ya mtu asiyemwelewa, apewe alama mbili kamili za (b), badala ya hoja yoyote kati ya nne za juu. Waliokwisha rudishiwa karatasi na walikuwa wameliandika, nileteeni kesho kabla ya paredi.