Rufaa dhidi ya kukataliwa kwa dai la bima: maji ya bomba lililopasuka si mafuriko

24 Machi 2025

Kwa Meneja wa Madai,
Kitengo cha Bima ya Mali.

Ndugu Meneja,

YAH: RUFAA DHIDI YA UAMUZI WA KUKATAA DAI NA. MD/0352/25, HATI YA BIMA NA. ML/21/7846

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea barua yenu ya tarehe 14 Machi 2025 inayonijulisha kuwa dai langu la hasara ya maji katika karakana yangu ya ushonaji limekataliwa. Sikubaliani na uamuzi huo. Naomba upitiwe upya na afisa ambaye hakuhusika kuutoa, kwa sababu hasara niliyopata imetajwa waziwazi katika Kifungu cha 4(c) cha hati yenu wenyewe, kifungu ambacho barua yenu haikukigusa hata kwa neno moja.

Kifungu hicho kinasema kampuni itamlipa mwenye bima kwa hasara ya mali iliyoorodheshwa itakayosababishwa na “maji yatakayotoka kwa ghafla kutokana na kupasuka au kufurika kwa matangi, mabomba au vifaa vya maji vilivyomo ndani ya jengo”. Sharti moja linafuata: jengo lisiwe limeachwa tupu kwa zaidi ya siku 30 mfululizo. Karakana yangu ilifungwa saa 2 usiku wa tarehe 11 Februari na kufunguliwa saa 12 kasoro robo asubuhi iliyofuata, kama siku nyingine zote za kazi.

Nilipofungua mlango asubuhi hiyo maji yalikuwa yakimwagika kutoka darini. Kipande cha dari chenye ukubwa wa meza ya kukatia kilikuwa kimeanguka juu ya rafu za majora, na kupitia tundu hilo niliona bomba linalopeleka maji kwenye tangi likiwa limeachana kabisa na kiungio chake. Nilikimbilia koki kuu nikaifunga, na maji yakakoma papo hapo. Naomba msilipite jambo hilo haraka. Mvua ilikuwa bado inanyesha nje, lakini ndani maji yalikoma mara tu koki ilipofungwa.

Barua yenu inatoa sababu mbili. Ya kwanza ni Kifungu cha 7(b), kinachoondoa mafuriko katika kinga. Mtathmini wenu wa hasara, aliyefika tarehe 17 Februari, siku tano baada ya tukio, aliandika kuwa usiku ule mvua ilinyesha na kwamba aliona matope mlangoni, kisha akahitimisha kuwa maji yaliingia kutoka nje. Mvua sikatai. Matope nayo sikatai: ni ya viatu vyetu, mimi na mafundi wangu wawili na majirani waliokuja kusaidia, tulipokuwa tukitoa mali nje na kuirudisha chini ya turubai asubuhi nzima. Mtathmini hakuniuliza matope yametoka wapi. Angeuliza ningemwambia.

Hati yenu inaeleza maana ya mafuriko katika ukurasa wa 3: “maji ya mto, ziwa, bahari au mvua yanayotapakaa juu ya ardhi ambayo kwa kawaida huwa kavu”. Maji ya aina hiyo hupanda kutoka chini. Tazameni basi picha namba 4 hadi 9 nilizopiga kabla hatujagusa chochote. Majora ya rafu ya juu kabisa, ambayo kuyafikia nahitaji ngazi, yamelowa hadi kiini. Gunia la vipande lililokuwa limesimama sakafuni chini ya meza ya kukatia limelowa kitakoni tu, upana wa vidole viwili, na vitambaa vilivyo juu yake ni vikavu. Sijui mafuriko gani yanaweza kulowesha rafu ya juu na kuliacha gunia la sakafuni. Saluni iliyo mlango wa pili, yenye sakafu ya usawa mmoja na yangu na inayotazama barabara ileile, haikuingiwa na maji. Mwenye saluni ameandika maelezo yake na kuyatia sahihi.

Kuna ushahidi mwingine ambao mtathmini hakuuomba. Mimi na saluni hiyo tunachangia mita moja ya maji, na ili tusigombane mwisho wa mwezi naandika namba ya mita kila jioni kabla ya kufunga. Jioni ya tarehe 11 mita ilisoma 1846. Asubuhi, baada ya kufunga koki, ilisoma 1849. Hizo ni uniti 3, yaani lita 3,000, zilizopita kwenye mita usiku wakati sehemu zote mbili zimefungwa. Maji ya mvua hayapiti kwenye mita. Nimeambatanisha nakala ya kurasa za daftari za miezi mitatu ili mwone kuwa kwa siku nzima ya kazi tukiwa wote wawili hatufikishi hata uniti 1.

Sababu yenu ya pili ni Kifungu cha 7(e), kuhusu uchakavu. Mmekinukuu hivi: “Kampuni haitalipa hasara itokanayo na uchakavu, kutu au kuharibika polepole.” Mkaweka nukta. Katika hati niliyonayo mkononi hapo hakuna nukta, pana mkato, na sentensi inaendelea: “lakini kighairi hiki kinahusu gharama ya kitu chenyewe kilichochakaa tu, na hakiondoi hasara ya mali nyingine itokanayo na janga lililotajwa katika Kifungu cha 4.” Sitaki kudhani kuwa nusu hiyo iliachwa kwa makusudi. Ila nusu iliyoachwa ndiyo inayoamua dai hili.

Kiungio kilikuwa kimezeeka, fundi bomba amesema hivyo katika taarifa yake nami sina sababu ya kulificha. Ndiyo maana sikudai kiungio, wala bomba, wala ufundi wa kuvirudisha. Nimevilipia mwenyewe na havimo popote katika orodha ya madai. Ninachodai ni majora, cherehani nne za umeme na nguo za wateja, yaani “mali nyingine” hasa ambayo kifungu chenu kinasema haiondolewi. Fundi anaeleza pia kuwa sehemu iliyokatika ni mpya, haina kutu wala chokaa ya maji iliyoganda, na mbao za darini hazina alama za unyevu wa zamani. Bomba lingekuwa linavuja kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, dari ingeonyesha madoa. Lilikatika mara moja, na neno “kwa ghafla” katika Kifungu cha 4(c) limetimia.

Hata kama mtashikilia kuwa mvua na uchakavu vyote vilikuwepo, swali la bima ni lipi kati ya mambo yaliyokuwepo ndilo lililoleta hasara kwa nguvu yake. Kanuni hii si yangu. Mwaka 1918 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua shauri la meli Ikaria, iliyopigwa kombora la manowari, ikavutwa hadi bandarini, kisha ikazama huko baada ya dhoruba kuvuma na meli kugonga chini mara kwa mara maji yalipokuwa yakipungua. Hati yake ilikinga hatari za bahari na kuondoa matendo ya vita. Majaji walisema chanzo cha hasara si kile kilichokuja mwisho kwa wakati, bali kile chenye nguvu ya kuileta, nacho kilikuwa kombora. Aliyeshinda siku ile alikuwa kampuni ya bima. Naomba kanuni iliyoifaa kampuni ya bima itumike pia inapomfaa mteja: ondoeni mvua, na karakana yangu ingelowa vilevile, ondoeni kupasuka kwa bomba, na asubuhi ile ningekuta vitambaa vikavu.

Na iwapo kuna neno katika hati linaloweza kusomwa kwa njia mbili, hati hiyo mliiandika ninyi. Mimi nilipewa nitie sahihi tu. Utata wa maneno husomwa dhidi ya aliyeyaandika, na anayetegemea kighairi ndiye mwenye jukumu la kukithibitisha.

Kuhusu nguo za wateja, barua yenu inasema kwa kifupi kuwa “si mali ya mwenye bima”. Jedwali la hati, mstari wa 5, linakinga “mali ya wateja iliyo chini ya uangalizi wa mwenye bima kwa ajili ya kazi” hadi asilimia 10 ya jumla ya kiasi kilichokatiwa bima. Nilichodai hapo ni pungufu ya kikomo hicho, na kila nguo ina stakabadhi ya kupokelewa.

Jambo moja nawakubalia. Kompyuta ndogo niliyoiweka namba 17 katika orodha niliinunua baada ya bima kuhuishwa tarehe 1 Julai 2024, na sikuwaarifu muiongeze. Haimo kwenye jedwali. Naiondoa katika dai. Mengine yote yamo, na ada ya bima imelipwa kwa wakati kwa mwaka huu wa nne mfululizo. Tukio nililiripoti siku ileile, ndani ya siku 7 zinazotakiwa na Kifungu cha 9, na vitambaa vilivyoharibika bado nimevihifadhi ijapokuwa vimeota ukungu na vinanichukulia nafasi ninayoihitaji kwa kazi. Mnaweza kuja kuviona siku yoyote ya juma.

Kwa hiyo naomba uamuzi wa tarehe 14 Machi utenguliwe na dai lilipwe kwa mujibu wa orodha iliyorekebishwa, baada ya kutoa sehemu ya kwanza ya hasara ambayo hati inanitaka niibebe mwenyewe. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 21 tangu mpokee barua hii. Mkiona bado mnakataa, nipeni nakala kamili ya taarifa ya mtathmini pamoja na picha zake, na mnieleze ni kwa nini Kifungu cha 4(c) hakihusiki. Hadi sasa hilo halijasemwa popote. Nikishapata majibu hayo, au siku zikipita bila majibu, nitapeleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima na kutumia haki ya usuluhishi iliyo katika Kifungu cha 14. Barua hii haipunguzi haki yangu yoyote chini ya hati au sheria.

Nimeambatanisha nakala ya hati ya bima nikiwa nimepigia mstari vifungu vya 4(c), 7(b), 7(e) na mstari wa 5 wa jedwali, picha 22, taarifa ya fundi bomba, na kiungio chenyewe ninacho iwapo mtataka kukipima, maelezo ya mwenye saluni, kurasa za daftari la mita, stakabadhi za nguo za wateja, na orodha ya madai iliyorekebishwa bila namba 17.

Wenu katika kazi,

(sahihi)
S. R. M.
Mwenye bima, hati Na. ML/21/7846