YAH: Bei ya vyumba 20 na ukumbi wa mkutano, Morogoro, 8–11 Novemba 2026

Ndugu Afisa Manunuzi,

Habari za kazi. Tumepokea barua pepe yenu ya 21 Septemba, nasi tunashukuru kwa kutufikiria. Vyumba 20 vipo kwa tarehe mlizoomba: 14 vya kitanda kikubwa na 6 vya vitanda viwili.

Bei zote zina VAT ya asilimia 18 ndani yake:

Vyumba na kifungua kinywa: 20 × usiku 3 × sh. 95,000 = sh. 5,700,000
Mkutano: watu 34 × siku 3 × sh. 45,000 = sh. 4,590,000
Jumla: sh. 10,290,000

Bei ya mkutano inajumuisha ukumbi, projekta, chai ya saa 4 na ya saa 10 pamoja na vitafunwa, chakula cha mchana na maji. Washiriki wakipungua chini ya 25 kwa siku, ukumbi utalipiwa peke yake, sh. 350,000. Chakula cha jioni hakimo. Mkikihitaji kwa wageni 20 wanaolala, ni sh. 20,000 kwa mtu, yaani sh. 1,200,000 kwa siku zote tatu.

Mliomba meza zipangwe kwa herufi U. Ukumbi wetu kwa mpangilio huo unatosha watu 30 tu. Tukibana 34, wa pembeni hawataiona skrini vizuri. Tunashauri meza za duara za watu sita sita, hasa kwa kuwa ratiba yenu ina kazi nyingi za vikundi.

Jambo jingine ni Jumatano ya tarehe 11. Vyumba hukabidhiwa saa 4 asubuhi, wakati kikao kinaendelea, na watu wakianza kutoka mmoja mmoja kufungasha, kikao huvurugika. Waombeni washushe mizigo mapokezi kabla ya saa 2:30. Tutaitunza bila malipo, na vyumba viwili vitabaki wazi hadi saa 11 jioni kwa wanaotaka kuoga kabla ya safari.

Tujulisheni pia kama kampuni inalipia vyumba vyote au kila mtu atalipa kwa posho yake. Kama ni kampuni, tutumieni TIN na VRN kabla ya malipo, maana kurekebisha risiti ya EFD iliyokwishatoka kuna usumbufu kwa pande zote mbili.

Tumewashikia nafasi hizi hadi Ijumaa 9 Oktoba, saa 11 jioni. Ili zithibitike tunahitaji LPO na malipo ya awali ya asilimia 50, sh. 5,145,000; namba ya akaunti ipo kwenye proforma tuliyoambatanisha. Orodha ya majina itufikie ifikapo 30 Oktoba. Hadi siku hiyo mnaweza kupunguza vyumba viwili bila gharama. Baada ya hapo, chumba kitakachofutwa kitatozwa usiku mmoja.

Mkitaka kuuona ukumbi, karibuni siku yoyote ya kazi.

Wenu,
Meneja Mauzo