Asante, dada

Dada, shikamoo.

Leo nimefunga hesabu za mwezi peke yangu, na zimelingana mara ya kwanza. Nikasema nisizime kompyuta kabla sijakuandikia.

Unakumbuka ile wiki ya pili, nilipomlipa msambazaji mmoja mara mbili? Mikono ilikuwa inanitetemeka. Hukunigombeza wala hukukimbilia kwa bosi. Ulivuta kiti ukasema, "Tuanze na ankara, kulia baadaye." Tukapiga simu, tukaandika barua ya kuomba turudishiwe, kisha ukanifundisha kutia alama ya penseli kwenye kona ya kila ankara iliyokwisha kulipwa. Naitia mpaka leo.

Wewe ulipangiwa kunionyesha mfumo tu. Hakuna aliyekutuma unijulie hali jioni, wala unieleze nani wa kuulizwa asubuhi na nani asisogelewe kabla hajanywa chai (hilo limeniokoa mara nyingi!).

Najua kazi zako zilikuwa zinarundikana huku mimi nakuuliza swali lile lile kwa mara ya nne. Nisamehe kwa hilo, na asante sana. Ijumaa chakula cha mchana ni juu yangu, visingizio sitaki.

Mdogo wako wa dawati la dirishani